Simu inajibonyeza yenyewe baada ya kuingia maji: tafuta kwanza mguso unatoka wapi

Mama mmoja anayeuza samaki pale Feri, Dar es Salaam, alinijia asubuhi moja ya masika, simu ameiviringisha kwenye pindo la kanga. "Shikamoo mama," nikamwambia. "Marahaba mwanangu. Simu inaandika yenyewe. Nimemtumia mteja p nyingi, akanipigia kuuliza nina nini." Kabla ya kuja kwangu alishapita kwa fundi mwingine, akaambiwa kioo kimekufa, anunue kingine.

Kioo hakikuwa kimekufa. Simu ile ilikuwa na matatizo mawili yaliyopandana, moja juu ya kioo na jingine ndani. Nitaieleza kwa urefu, kwa sababu simu nyingi zinazoletwa mezani kwangu baada ya mvua, beseni au protekta kupasuka zinafanana na ile, na watu wengi wanalipia kioo kipya kabla hajatokea mtu wa kuuliza swali la kwanza: huu mguso usio na kidole unatoka wapi?

Kabla ya kutafuta chochote, izuie isikuletee hasara

Simu inayojibonyeza inaweza kumpigia mtu, kufuta picha, kufungua menyu ya kutuma pesa. Inaweza pia kukosea namba ya siri mara nyingi mpaka ikajifunga. Kwa hiyo ikianza, bonyeza kitufe cha pembeni uzime skrini. Skrini ikiwa imezimwa, simu nyingi hazipokei mguso, isipokuwa kama umeruhusu iamke kwa kugongwa mara mbili; hiyo izime mapema kwenye mipangilio. Kama ina maji sasa hivi, izime kabisa. Menyu ya kuzima ikikataa kubonyezeka, shikilia kitufe cha kuwashia pamoja na cha kupunguza sauti. Kwenye simu nyingi za Android hiyo inalazimisha simu kujiwasha upya baada ya sekunde 10 hadi 20, kisha unapata nafasi ya kuizima.

Usiichomeke kwenye chaji. Hata ikiwa imebaki asilimia 4, iache. Umeme ukipita penye maji ndio unaokula chuma, maji peke yake hayana haraka hiyo.

Kwa nini maji yanaidanganya tachi

Chini ya kioo unachokigusa kuna nyaya nyembamba zisizoonekana kwa macho, nyingine zimelala, nyingine zimesimama, zimepishana kama wavu wa dagaa. Chipu ya tachi inapita kwenye kila makutano mara nyingi ndani ya sekunde moja, ikipima chaji ya umeme iliyopo pale. Mwili wa binadamu unapitisha umeme. Kidole kikikaribia makutano fulani, chaji ya mahali pale inabadilika, na chipu inaripoti kwamba pameguswa. Kidole chenyewe haikijui. Inajua badiliko la chaji tu.

Tone dogo la maji likikaa peke yake katikati ya kioo, simu nyingi za sasa zinajaribu kulipuuza. Shida inaanza tone linapotambaa. Likifika ukingoni likagusana na kiganja kinachoshika simu, linakuwa sehemu ya mkono wako, na chipu inaona kidole kirefu kimelala juu ya kioo. Maji ya bahari, jasho na maji ya samaki ni mabaya kuliko ya mvua kwa sababu chumvi inayafanya yapitishe umeme vizuri zaidi.

Kuna jambo la pili ambalo watu hawalijui, na linaeleza kwa nini simu inaendelea kuchanganyikiwa hata baada ya kufutwa. Chipu huweka kumbukumbu ya hali ya kawaida ya kioo, yaani kioo kisichoguswa, na kila kipimo kipya inakilinganisha na kumbukumbu hiyo. Ukiiwasha skrini kioo kikiwa kimelowa, maji yale yanaweza kuhesabiwa kuwa ndiyo hali ya kawaida. Ukija kuyafuta, sasa ni ukavu unaoonekana mgeni. Ndiyo maana hatua ya kwanza kabisa, kwa simu iliyopata manyunyu tu, ni hii: futa kioo na kingo zake kwa kitambaa kikavu cha pamba, kausha mikono yako pia, zima skrini, hesabu mpaka kumi bila kukigusa kioo, kisha iwashe. Ikibaki vilevile, izime na kuiwasha simu yote ikiwa imelala mezani, mkono wako ukiwa mbali. Nyingi za mvua zinaishia hapo.

Uione miguso kwa macho yako

Isipoisha, usibahatishe. Simu za Android zina chombo kizuri sana cha uchunguzi, kimo ndani ya simu, hakihitaji programu ya kupakua. Fungua Settings, ingia About phone, tafuta Build number, ibonyeze mara 7. Kwenye baadhi ya simu Build number imefichwa ndani ya Software information. Kisha rudi utafute Developer options, teremka mpaka sehemu ya Input, washa Pointer location. Kama simu yenyewe haikupi nafasi ya kubonyeza, chomeka mausi ya kompyuta kwa kebo ya OTG, ile inayounganisha USB ya mausi na tundu la chaja la simu. Simu nyingi za Android zinaikubali, mshale unatokea, unafanya kazi zako. Njia hiyo hiyo itumie kuhamisha picha na namba za watu kabla simu haijaharibika zaidi.

Pointer location ikiwaka, juu ya skrini unatokea mstari wa maandishi. Kushoto kabisa pana herufi P na namba mbili, kwa mfano `P: 0 / 1`. Namba ya kwanza ni idadi ya vidole ambavyo simu inaamini viko juu ya kioo wakati huu. Ya pili ni idadi kubwa zaidi iliyowahi kuviona kwa pamoja katika mguso huo. Kinachofuata ni `X` na `Y`: X inahesabiwa kutoka kushoto kwenda kulia, Y kutoka juu kwenda chini. Kila mguso unachorewa msalaba, na njia kinayopita kidole inachorewa mstari.

Sasa laza simu mezani, isiwe kwenye chaji, isiguswe na mtu, na uitazame dakika tano. Ikisoma `P: 1` na hakuna mkono juu yake, huo ndio mguso unaoutafuta. Chukua karatasi uandike X na Y zake, mara kumi au zaidi. Mpangilio wa namba hizo ndio utakaokuambia ugonjwa uko wapi.

Miguso ikikusanyika mahali pamoja karibu na ufa wa protekta au ukingo, tuhuma iko juu ya kioo. X ikibaki ileile huku Y ikiruka juu na chini, au kinyume chake, una mstari ulionyooka, na mstari ulionyooka mara nyingi maana yake ni waya mmoja wa ule wavu, au mguu wake kwenye konekta, kile kiungio cha nyaya za kioo na bodi ndani ya simu. Ikitapakaa kila mahali bila mpango, ngoja tundu la chaja likauke, kisha chomeka na kuchomoa chaja uone: ikitokea ukichaji tu, mbaya ni chaja au tundu la chaja, na kioo hakina kosa. Jaribu chaja nyingine.

Skrini ya simu ya yule mama ilikuwa na upana wa pikseli 1080, yaani X inaanzia 0 kushoto na kuishia hapo kulia. Miguso yake ilikuwa ya aina mbili, na hapo ndipo nilipojua nina kazi mbili. Kundi la kwanza lilikuwa X kati ya 1010 na 1050, upande wa kulia kabisa. Kwenye kibodi, mstari wa juu una herufi kumi, kila moja inachukua kama 108. Ya kumi ni p, inaanzia 972. Ndiyo zile p alizomtumia mteja. Kundi la pili lilikuja mara chache, kila baada ya dakika moja au mbili: X karibu 430 bila kubadilika, Y ikiruka kutoka 200 mpaka 2100.

Protekta iliyopasuka

Ufa wenyewe haubonyezi. Protekta ya glasi haipitishi umeme, na ingekuwa kavu ungeweza kuishi nayo imepasuka mwaka mzima. Kinachobonyeza ni kilichoingia ndani ya ufa. Nafasi ile ni nyembamba kuliko unywele, na maji yanavutwa humo kama mafuta yanavyopanda kwenye utambi. Yakishaingia kati ya protekta na kioo hayana pa kutokea. Utafuta juu mara mia, kioo kitang'aa, na unyevu uko palepale chini, umekaribia nyaya kuliko kidole chako.

Protekta zinazoshika kwa gundi ya pembeni tu ni mbaya zaidi, kwa sababu katikati zina pengo la hewa. Zikilowa, maji yanatembea humo kila ukiinamisha simu. Na hata zikiwa kavu, pengo hilo linaiweka tachi mbali na kidole, simu inakuwa nzito kuitikia.

Kuijaribu ni kuitoa. Watu wanasita kwa sababu wanaogopa kubaki na kioo kitupu, lakini bila kuitoa hutajua kitu. Pasha kingo kidogo kwa kikausha nywele kwenye joto la chini, au laza simu sehemu yenye joto la kawaida dakika chache, gundi ilegee. Bandika selotepu pana juu ya protekta nzima ili chenga zisiruke, na vaa miwani kama unayo. Ingiza kona ya kadi ya plastiki kwenye pembe isiyo na ufa, sukuma polepole, usitumie kisu. Ikitoka, futa kioo kwa kitambaa chenye unyevunyevu kidogo, kisha kikavu, subiri robo saa, rudi kwenye Pointer location.

Hapo pia ndipo utakapojua kama kioo chenyewe ni kizima. Pitisha ukucha taratibu pale ufa ulipokuwa. Ukucha ukikwama, ufa umeshuka mpaka kwenye kioo cha simu. Kama macho hayaoni, washa tochi uilaze pembeni, mwanga uteleze juu ya kioo. Ufa utaonekana kama uzi wa fedha. Kioo cha simu kikiwa kimepasuka kweli, maji yana njia ya kuingia kwenye matabaka ya ndani, na hakuna kufuta kutakakoyafikia.

Kwa mama yule ukucha ulipita bila kukwama. Nilipoigeuza ile protekta, upande wa kulia ulikuwa na utando mweupe, chumvi iliyokauka, imefuata ufa kutoka ukingoni hadi ndani kama sentimeta tatu. Nikafuta kioo, nikasubiri. Miguso ya X 1030 haikurudi tena. Ile ya 430 ilibaki.

Mgonjwa wa alfajiri

Nikamwuliza simu inamsumbua saa ngapi. "Alfajiri, nikifika mnadani. Na usiku. Mchana jua likiwa kali inatulia, ndiyo maana nilidhani imepona." Nikamwuliza iliingia maji lini. Siku kumi nyuma, ilidumbukia kwenye beseni la samaki lenye barafu. Akaitoa mara moja, akaianika juani, akaizika kwenye mchele siku mbili. Ikawaka, akaendelea kuitumia.

Maelezo hayo yalitosha kunipeleka kwenye chumvi. Maji yanaweza kukauka, chumvi haikauki ikaondoka, inabaki pale maji yalipokuwa. Na chumvi hainyamazi. Unyevu wa hewa ukifika karibu asilimia 75, chumvi ya kawaida inaanza kunyonya maji kutoka hewani mpaka inajiyeyusha yenyewe. Pwani, usiku na alfajiri, hasa masika, hewa inavuka kiwango hicho mara nyingi. Kwa hiyo ndani ya simu chumvi inalowa usiku, inaunganisha miguu ya konekta ambayo haitakiwi kugusana, chipu inasoma mguso. Jua likipanda inakauka, simu inatulia. Anayeitazama mchana anasema haina shida. Na kila inapolowa huku betri ikisukuma umeme, chuma kinaliwa kidogo. Hata ukiizima simu, betri iliyounganishwa bado ina umeme wake kwenye bodi.

Ndiyo maana simu iliyoingia maji ya bahari au ya samaki haipaswi kusubiriwa ikauke. Inatakiwa ifunguliwe, mapema iwezekanavyo, hata kama inafanya kazi. Maneno IP68 kwenye boksi, yale ya kusema simu inahimili maji, hayabadilishi hilo: kipimo kile kinafanywa kwa maji baridi yasiyo na chumvi, simu ikiwa mpya, na mpira wa kuzuia maji unachoka kadiri miaka inavyokwenda. Simu iliyowahi kufunguliwa bila kubandikwa gundi mpya haina tena kinga hiyo.

Mchele nao nausema wazi kwa sababu bado unaletwa mezani kwangu kila wiki, punje zimekwama kwenye tundu la chaja. Hauvuti maji kutoka ndani ya simu kuliko hewa ya kawaida inavyofanya, na vumbi lake linaingia ndani. Apple wenyewe wanakataza kwenye maelekezo yao. Kama huna fundi karibu, kitu bora ni upepo wa feni, simu imezimwa, imesimama tundu la chaja likiangalia chini, laini na kadi ya kumbukumbu zimetolewa. Iache usiku kucha. Jua kali na kikausha nywele cha moto vinaharibu gundi na matabaka ya kioo, unaweza ukaja kuona madoa ya njano ambayo hayakuwepo.

Kilichokuwa ndani

Nilipasha mfuniko wa nyuma mpaka gundi ikalegea, nikaufungua, na kabla ya kugusa kitu chochote kingine nikachomoa konekta ya betri. Hatua hiyo hairukwi. Fundi anayepaka kimiminika juu ya bodi yenye umeme anaongeza tatizo.

Kisha nikanyanyua konekta ya fleksi ya kioo, ule utepe mwembamba wa nyaya unaotoka kwenye kioo kwenda kwenye bodi, nikaitazama kwa lenzi. Upande mmoja, miguu mitatu ilikuwa na ukoko mweupe wenye ukijani kidogo, kama unaouona kwenye vichwa vya betri ya gari. Mingine iling'aa. Miguu mitatu tu, kati ya makumi, ilitosha kumfukuzia yule mama wateja.

Nilitumia alkoholi ya isopropili ya 99% na mswaki laini. Spiriti ya duka la dawa mara nyingi ni ya 70%, sehemu inayobaki ni maji. Hiyo ni ya vidonda. Tina nayo naiona ikitumika sana, na inasikitisha, kwa sababu inayeyusha gundi. Nikapiga mswaki upande wa konekta na upande wa bodi, nikaacha ikauke, nikarudia. Mara ya pili mswaki ulitoka bila rangi. Nikasafisha pia eneo lote kuizunguka, kwa sababu chumvi haikai mahali pamoja tu. Nusu saa mbele ya feni, kisha nikarudisha konekta ya kioo mpaka nikaisikia imeshika, betri mwisho.

Kwenye Pointer location niliitazama dakika ishirini. `P: 0`. Lakini ilikuwa saa tano asubuhi, na mgonjwa wa alfajiri hapimwi saa tano asubuhi. Nikamwomba mama aniachie simu. Nikaiweka usiku ndani ya kontena la plastiki lenye mfuniko, pembeni pana kikombe kidogo cha maji, simu haigusani nayo, ili hewa ya mle ilowe kuliko hata ya Feri. Asubuhi nikaitoa, nikafuta ukungu juu ya kioo, nikaitazama tena. Ilikuwa kimya. Hapo ndipo nilipobandika gundi mpya kwenye mfuniko na protekta mpya, yenye gundi kioo kizima. Jaribio hilo silifanyi kwa simu iliyopasuka kioo, na wewe usilifanye nyumbani kwa simu ambayo haijasafishwa, utaiongezea ugonjwa.

Nilimweleza pia kwamba mguu mmoja ulikuwa umeshaliwa kidogo, alama yake haifutiki kwa mswaki. Ukija kukatika, sehemu ile ya X 430 itaacha kuitikia kabisa, na hapo itabidi fleksi au kioo.

Ikichelewa bila kujibonyeza

Wengi wanaziona hizi kama shida mbili tofauti, kumbe mara nyingi ni moja. Mguso usio na kidole ukiwa umeganda mahali, kidole chako halisi kinahesabiwa cha pili. Unataka kuteremsha ukurasa, simu inadhani unavuta picha kwa vidole viwili. Unabonyeza kitufe, hakijibu, unabonyeza tena, yanakuja yote kwa pamoja. Utalijua hili kwa kugusa kwa kidole kimoja na kusoma `P: 2`. Tena chipu ikiona kelele nyingi za umeme inajipa muda wa kuhakikisha kabla ya kuripoti, na huko kujihakikishia ndiko unakokuhisi kama uzito.

Kama `P` inasoma sawasawa, chora mistari ya mshazari kwa kidole kikavu, kutoka kona hadi kona, polepole, ukiufunika uso wote. Mstari ukikatika mahali palepale kila mara, pana waya au eneo lililokufa. Mstari ukiwa mzima, laini, ila unakuja nyuma ya kidole, tachi haina kosa: simu imejaa, au ina programu inayoila, au ina joto. Usiruhusu mtu akubadilishie kioo kwa mstari wa namna hiyo. Na ukikatika ovyo hapa na pale, toa protekta kwanza, kisha urudie.

Tazama pia kingo za kioo ukiwa umeilaza simu usawa wa macho. Kioo kikiwa kimenyanyuka upande mmoja, au mfuniko wa nyuma umefura, betri imevimba na inasukuma. Hiyo izime, usiichaji, usiiminye irudi, ipeleke kwa fundi siku hiyohiyo.

Kama ni lazima kioo kibadilishwe

Kuna simu ambazo hazina njia nyingine: ufa umefika ndani, kuna doa linalokua chini ya kioo, mstari wa tachi umekufa hata baada ya konekta kusafishwa. Basi mwambie fundi akiunganishe kioo kipya kwa konekta tu, kabla hajakibandika. Vioo vya kopi vinatofautiana sana, vingine vinaitikia kwa uzito tangu siku ya kwanza, na kikishabandikwa gundi hakuna duka litakalokirudisha. Washa Pointer location, chora mistari yako ya mshazari, kisha mistari minne kandokando ya kila ukingo, kwa sababu kopi dhaifu huanza kukatika ukingoni. Chomeka chaja, rudia. Fungua kibodi uandike kwa vidole gumba viwili, haraka, kama unavyoandika siku zote. Simu ikiwa bado wazi mikononi mwa fundi, mwombe akuonyeshe konekta chini ya lenzi, uone kama ule ukoko mweupe umesafishwa upande wa bodi pia. Ukiachwa pale, kioo kipya kitaanza kujibonyeza alfajiri kama cha zamani.